Taa ya Kibodi Inapogoma Kuwaka

Mafundi wa kompyuta wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa Barabara ya Luthuli, Nairobi, huletewa shida hii kwa maneno yale yale: "Taa ya kibodi haiwaki." Mteja huwa ameshabonyeza kila kitufe chenye alama, ameshamuuliza shemeji yake, na mara nyingi ameshajiaminisha kwamba kibodi imeungua. Lakini nyuma ya maneno hayo manne kuna hali nne zisizofanana. Kuna kompyuta ambayo haikuwahi kuwa na taa. Kuna yenye taa iliyozimwa kwa amri. Kuna ambayo taa yake huwaka na kuzimika kabla mwenyewe hajaitazama. Na kuna ile ambayo utepe wa taa umechomoka ndani. Hiyo ya mwisho peke yake ndiyo inayohitaji bisibisi, nayo ndiyo ambayo watu huikimbilia kwanza.

Kwanza taa yenyewe ikoje? Chini ya vitufe hakuna balbu kwa kila herufi, isipokuwa katika baadhi ya kompyuta za michezo zenye rangi nyingi. Kuna karatasi nyembamba ya plastiki angavu iliyolazwa chini ya kibodi nzima, ikiwa na taa ndogo chache za LED. Mwanga huingia ndani ya plastiki, husambaa, hutokea kwenye matundu yaliyo chini ya vitufe, kisha hupenya kwenye herufi, ambazo katika kibodi ya namna hii ni uwazi ulioachwa katika rangi nyeusi. Karatasi hiyo hupata umeme kupitia utepe wake, mwembamba, wenye njia chache tu za umeme. Vitufe vina utepe wao, mpana zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika ripoti nzima bila herufi moja kugoma, huku taa ya kibodi hiyo hiyo ikiwa haipati umeme hata kidogo.

Amri ya kuwasha nayo ina njia yake. Katika kompyuta nyingi za ofisini, kama Dell Latitude na ThinkPad za Lenovo, kitufe cha Fn hakisubiri Windows. Kinasikilizwa na chipu ndogo iliyo kwenye ubao mama, ambayo pia husimamia betri na feni. Jambo hilo humpa fundi kipimo cha bure: taa ya mashine hizo inaweza kujaribiwa hata kabla Windows haijafunguka, kwenye ukurasa wa mipangilio ya BIOS. Ikiwaka pale na kukataa ndani ya Windows, utepe hauna kosa.

Swali la kwanza, basi, ni kama mashine ina taa. Linasikika la kitoto, lakini katika soko la kompyuta za mtumba lina uzito kuliko yote. Modeli moja hiyo hiyo hutoka kiwandani ikiwa na kibodi za aina mbili, yenye taa na isiyo na taa, na kwa macho ya haraka zinafanana. Zaidi ya hapo, kibodi huharibika mapema kuliko sehemu nyingine nyingi, kwa hiyo anayezikarabati kompyuta kabla ya kuziuza huibadilisha kwa ile aliyonayo. Mnunuzi akisoma kwenye tovuti kwamba Latitude yake ina taa, huenda anasoma habari za kibodi ambayo haimo tena ndani ya kompyuta yake.

Dalili ziko mbili, na zote huonekana bila kufungua kitu. Ya kwanza ni alama ya taa, kisanduku kidogo chenye miale, iliyochapwa kwenye kitufe kimojawapo. Katika Latitude za miaka ya 2017 na 2018 iko kwenye F10. Katika nyingi zilizotoka kuanzia 2019 imehamia F5. ThinkPad huiweka kwenye kitufe kirefu cha nafasi, na amri yake ni Fn pamoja na kitufe hicho. HP EliteBook hubadilisha mahali kulingana na modeli, kwa hiyo ni kuitafuta tu kwenye safu ya juu. Dalili ya pili ni herufi zenyewe. Katika kibodi isiyo na taa, herufi ni rangi nyeupe iliyopakwa juu ya kitufe. Katika yenye taa, herufi ni uwazi wenye weupe uliofifia. Kibodi ikikosa alama na herufi zake zikawa za rangi ya kupakwa, upelelezi umekwisha. Hakuna mpangilio wala programu ya kupakua itakayoleta taa mahali ambapo haipo.

Alama ikiwepo, kinachofuata ni kubonyeza ipasavyo. Hapa kuna mtego wa kufuli la Fn. Kompyuta nyingi huruhusu safu ya juu ifanye kazi kwa namna mbili: ama F10 iwe F10 kamili na taa ihitaji Fn, ama F10 peke yake iwashe taa na Fn ndiyo irudishe kazi ya kawaida. Katika Dell na Lenovo, kufuli hilo hugeuzwa kwa Fn pamoja na Esc. Mtu aliyeligusa bila kujua hubonyeza Fn na F10 siku nzima, akidhani anawasha taa, kumbe anatuma F10 tupu kwenye programu iliyo wazi. Njia salama ni kujaribu zote mbili, na kubonyeza zaidi ya mara moja, kwa sababu kitufe hicho huzunguka kwa hatua: mwanga hafifu, mwanga mkali, kuzima. Mwanga hafifu ukitazamwa mchana karibu na dirisha hauonekani kabisa. Zoezi hili lifanyike gizani, au chini ya kanga iliyofunika kichwa na kompyuta pamoja.

Kompyuta za Asus na nyingi za michezo hazifuati utaratibu huo kikamilifu. Huko amri ya taa hupitia programu ya mtengenezaji ndani ya Windows, na mtu akiweka Windows upya bila programu hiyo, kitufe cha taa hunyamaza. Kwa Asus kinachotafutwa ni ASUS System Control Interface, kutoka ukurasa wa modeli husika wa mtengenezaji mwenyewe.

Sasa tufike kwenye kihisi mwanga, sehemu inayowachanganya hata watu wazoefu. Wazo la kibodi kujiwashia taa giza linapoingia si geni. Apple ilipoitoa PowerBook G4 ya inchi 17 mnamo Januari 2003, mwanga ulifikishwa chini ya vitufe kwa nyuzi za kioo, na vihisi vilivyofichwa chini ya wavu wa spika vilipima mwanga wa chumba. MacBook za baadaye zilikihamishia kihisi juu ya skrini, karibu na kamera, na hapo ndipo lawama nyingi huanzia. Mtu ameketi barazani saa nne asubuhi, jua linampiga usoni na kwenye ukingo wa skrini. Anabonyeza kuongeza mwanga wa kibodi na skrini inamwonyesha alama ya kufuli. Hakuna kilichoharibika. Kihisi kimeona mwanga mwingi na mashine imefunga taa kwa makusudi.

Kipimo chake ni dole gumba. Funika eneo la karibu na kamera kwa sekunde chache, ukae kivulini, uone kama taa inapanda. Ikipanda, mlango wa mipangilio ndio unaofuata: System Settings, kisha Keyboard, kisha kuzima Adjust keyboard brightness in low light. Kuanzia hapo kiwango cha mwanga huwa mikononi mwa mwenye mashine. Hapo hapo kuna Turn keyboard backlight off after inactivity, inayoamua taa ikae muda gani baada ya vidole kutulia. Wenye MacBook Air ya M1 ya 2020 wanastahili neno la ziada: safu yake ya juu haina tena vitufe vya kupunguza na kuongeza taa ya kibodi. Mwanga unaongozwa kutoka Control Center, na wengi wamehangaika kutafuta kitufe ambacho hakikuchapwa.

ThinkPad za miaka ya karibuni nazo zimeongeza hatua ya Auto kwenye mzunguko wa Fn na kitufe cha nafasi. Ikiwekwa hapo chini ya taa kali ya ofisi, kibodi hukaa giza, na mwenyewe huapa kwamba jana ilikuwa inawaka. Bonyeza tena, pole pole, ukisoma kinachotokea skrini, mpaka ifike kwenye mwanga mkali.

Ndugu wa kihisi ni saa ya kuzimika, na hii ndiyo inayodanganya kuliko zote. Katika BIOS ya Latitude nyingi, sehemu ya System Configuration, kuna mistari mitatu yenye maana kwetu. Keyboard Illumination huamua kama taa ipo kazini au la. Ikiwa Disabled, Fn haina la kufanya. Keyboard Backlight Timeout on AC na mwenzake wa betri huamua taa ikae muda gani bila mtu kugusa kibodi, kuanzia sekunde 5 hadi Never, na kiwandani huwekwa sekunde 10. Sekunde 10 ni kidogo. Mtu akisoma aya moja ya barua pepe, taa imeshalala. Akiitazama kibodi anaikuta giza, na kwa kuwa kitufe cha kwanza atakachogusa kitaiamsha, huenda asiunganishe mambo hayo mawili. HP huweka kitu kile kile kwenye BIOS yake kwa jina la Backlit Keyboard Timeout. Kuingia ni F2 kwa Dell na F10 kwa HP, ikibonyezwa mara tu nembo ya kampuni inapotokea.

Yote hayo yakishindikana, ndipo utepe unapoingia kwenye mashaka, na hapa ni vizuri kuifuata mashine moja hatua kwa hatua. Tuchukue Latitude 5490 ya mtumba. Mnunuzi wake ni mwalimu wa sekondari anayesahihisha kazi usiku, na mtaani kwake umeme haukai. Alama ya taa ipo kwenye F10 na herufi ni za uwazi. Muuzaji amesema tu kwamba kibodi "iliwahi kubadilishwa". Maneno hayo yasipite hivi hivi.

Fundi mwangalifu haanzi kwa kufungua. Anasoma Service Tag kwenye kibandiko cha chini, namba yenye tarakimu na herufi 7, anaiingiza kwenye ukurasa wa Dell, na kuona kompyuta ilivyotoka kiwandani. Orodha inataja kibodi yenye taa. Hiyo ina maana ubao mama ulitengenezwa kwa ajili ya taa na soketi yake ipo. Kisha anaingia BIOS: Keyboard Illumination iko Bright, muda wa kuzimika anauweka Never ili usimchanganye. Akiwa bado ndani ya BIOS anafunika kibodi na koti, anabonyeza Fn na F10. Giza.

Anaweza kuishia hapo na kushika bisibisi, lakini kuna swali moja bado halijajibiwa: je, amri inafika? Kwa hilo anawasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, bila kugusa Windows ya mwenyewe, na kuuliza:

```
cat /sys/class/leds/dell::kbd_backlight/brightness
```

Jibu ni namba, ambapo 0 ni kuzima. Anabonyeza Fn na F10, anauliza tena, namba imepanda. Anabonyeza tena, imebadilika tena. Basi kitufe kinafanya kazi, chipu imesikia, na kwa hesabu zake taa inawaka. Kasoro iko kati ya ubao mama na ile karatasi ya plastiki, na sehemu ya kwanza ya kutazama katika njia hiyo ni utepe.

Kufungua kunaanza kwa kuzima kabisa na kuchomoa chaja. Skrubu za mfuniko wa chini wa 5490 hulegea bila kutoka, kwa hiyo hazipotei. Mfuniko huinuliwa kwa kadi ya plastiki kutokea upande wa bawaba. Jambo la kwanza ndani ni kuchomoa kiunganishi cha betri, kisha kushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Hatua hii isirukwe hata siku moja. Utepe ukichezewa huku betri imeunganishwa, ncha yake ikikaa upogo, umeme wa taa unaweza kugusana na njia ya jirani na kuunguza fyuzi ndogo kwenye ubao mama. Hapo kazi ya dakika chache hugeuka kuwa kazi ya kuchomelea chini ya hadubini.

Katika mashine ya mwalimu, utepe mpana umekaa vizuri. Pembeni yake kuna soketi ndogo, urefu wake ni sehemu ya ukucha, na kipande cha plastiki nyeusi kinachotumika kama kifungo chake kimesimama wima. Utepe mwembamba umelala kando, ncha yake imejikunja chini ya kebo nyingine. Aliyebadilisha kibodi alirudisha vitufe, akajaribu kuandika, akaona kila kitu sawa na kufunga. Hakuijaribu taa, pengine kwa sababu alifanya kazi mchana.

Kuurudisha ni kazi ya subira kuliko nguvu. Kifungo kiwe wima. Ncha ya utepe ina upande wenye vipande vya chuma vinavyong'aa na upande wenye ukanda wa kukazia, na vipande vya chuma lazima vikutane na meno ya soketi. Kwa kuangalia jinsi utepe mpana ulivyokaa na mkunjo wa utepe wenyewe, mwelekeo hujulikana. Unasukumwa ukiwa umenyooka, kwa vidole au koleo ya plastiki, mpaka ukome. Kisha, kabla ya kulaza kifungo, unatazamwa: ukingo wa utepe na ukingo wa soketi viende sambamba, na chuma kinachobaki nje kiwe sawa kushoto na kulia. Upande mmoja ukitokeza zaidi, utepe umeingia upogo, utolewe, urudiwe. Kifungo hulazwa kwa ukucha, taratibu, pande zote mbili kwa pamoja. Kikivunjika, hakuna kingine cha kukishika utepe huo, na gundi haisaidii. Baada ya hapo utepe huvutwa kidogo sana kuona kama umeshikwa. Betri inarudishwa, mfuniko unalazwa bila kukazwa, kompyuta inawashwa, Fn na F10. Taa ikiwaka ndipo skrubu zikazwe.

Utepe uliolegea nusu una tabia zake, nazo humsaidia fundi kuutambua kabla ya kufungua. Taa huwaka mtu akibonyeza kwa kiganja karibu na kibodi, au hutetereka kompyuta ikibebwa kwa kona moja, au hupotea baada ya kuanguka. Taa inayowaka upande mmoja na kuacha upande mwingine giza kwa kawaida ni habari nyingine: ni karatasi yenyewe, LED mojawapo imekufa au chai iliyomwagika imeingia kati ya tabaka zake. Kusukuma utepe hakutaiponya.

Ikiwa utepe umekaa sawa, namba inapanda na bado ni giza, zimebaki njia mbili. Fundi hupima kwa mita kama umeme unafika kwenye soketi ya taa wakati taa imeamriwa kuwaka. Ukifika, kasoro ni karatasi ya taa, na kwa Latitude nyingi dawa ni kubadilisha kibodi nzima kwa sababu karatasi imebandikwa nyuma yake. Usipofika, fyuzi au transista ya ubao mama ndiyo inayotafutwa, na hapo gharama hupanda kwa kitu ambacho mtu anaweza kuishi bila hicho. Wengi huamua kununua taa ndogo ya USB, na si uamuzi mbaya.

Kuna pia wanaotaka kuiongezea taa kompyuta ambayo haikuja nayo. Kibodi yenye taa ya modeli hiyo hiyo hupatikana madukani na huingia bila ubishi, vitufe hufanya kazi, lakini ubao mama wa baadhi ya mashine hutengenezwa bila soketi ya taa: mahali pake pameachwa na alama tupu za madini ya kuchomelea. Kabla ya kulipia kibodi, mfuniko wa chini ufunguliwe na soketi ile ndogo, kando ya ile pana, ionekane kwa macho.